Uji Mchachu: wa Kunywa na wa Kumwaga

Jikoni asubuhi kuna vyombo viwili. Ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko kuna unga wa wimbi na mahindi uliokorogwa kwa maji tangu jana jioni. Maji yamejitenga juu, viputo vinapanda pembeni, na harufu yake inakaribia ile ya maziwa mgando. Kando yake, kwenye sufuria, kuna uji wa jana uliopikwa, ukabaki, ukalala mezani. Nao umechacha. Mwenye kuonja kwa ncha ya ulimi atasema vyote viwili ni vichachu, na atakuwa hajakosea. Hata hivyo cha kwanza ni cha kupika na kunywa, cha pili ni cha kumwaga, ingawa unga wote ulitoka mfuko mmoja.

Ladha chachu inatuambia tu kwamba kuna asidi. Haituambii asidi hiyo ililetwa na nani, wala nani alitangulia kula kabla haijafika.

Unga mbichi una wakazi wengi. Juu ya punje za nafaka huishi bakteria wa asidi ya laktiki, jamii ileile inayogandisha maziwa, na pamoja nao huishi wengine wa udongoni na hata wa kinyesi. Unga ukilowekwa, saa za mwanzo wote hujipatia riziki na kuongezeka. Kisha wale wa laktiki huanza kuwashinda wenzao, kwa sababu wanaivumilia vizuri asidi wanayoitoa, na wengi wa wale wengine hawaiwezi. Katika kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, mchanganyiko ulioanza karibu na 6 hufika chini ya 4 kwa siku moja au mbili. Wataalamu wa usalama wa chakula huutazama sana mpaka wa 4.6, maana chini yake bakteria anayetengeneza sumu ya botulini hawezi kukua. Uji uliochacha vizuri huuvuka mpaka huo na kwenda mbali.

Uji uliokwisha kupikwa una hadithi nyingine. Moto umewaua bakteria wa laktiki karibu wote, lakini umewaacha wale wanaojifunga ndani ya spora, maganda magumu yanayostahimili maji yanayochemka. Mmojawapo ni wa jamii ya basilasi, mkazi wa kawaida wa nafaka na wali. Uji unapopoa taratibu usiku kucha, spora zake huamka katika chakula laini, chenye uvuguvugu, kisicho na mpinzani hata mmoja. Uchachu unaonuswa asubuhi huwa umeletwa na vijidudu vilivyodondokea baadaye kutoka kwenye mwiko, mikono au hewani, na huenda vimewakuta wenzao wamekwisha kufanya lao. Basilasi huyo huweza kutoa sumu ya kutapisha ambayo haivunjiki kwa kuchemshwa. Ndiyo maana desturi ya kuurudisha jikoni uji uliolala, ukaongezwa sukari na kuchemshwa "uue wadudu", haiokoi kitu: wadudu hufa, sumu hubaki.

Togwa inaonekana kuivunja kanuni hii, kwani nayo huanza na uji uliopikwa. Lakini mpikaji wa togwa hauachi uji ule ujiendee. Anausubiri upoe hadi mkono uvumilie, kisha anatia unga wa kimea cha ulezi au mtama pamoja na kiasi cha togwa ya zamani. Kimea hulainisha uji mzito ukawa mwepesi, na pamoja na togwa ya zamani huleta kundi jipya la bakteria wa laktiki, wengi kiasi cha kuushika uji kabla spora hazijajipanga. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden walipandikiza kwa makusudi bakteria wa kuharisha katika uji wa namna hii, wakaona wakizuiwa kadiri asidi ilivyoongezeka. Tahadhari moja inawahusu wanaotumia mtama: punje inapochipua, chipukizi lake hujaa kemikali inayozaa sianidi, kwa hiyo mizizi na machipukizi yaliyokauka husuguliwa na kupepetwa yakatoka kabla kimea hakijasagwa.

Turudi kwenye ndoo ya unga mbichi, maana ndiyo njia rahisi zaidi kwa nyumba nyingi. Kwa familia ya watu watano au sita, vikombe viwili vya unga hukorogwa na vikombe vitatu vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ndani yake hutiwa nusu kikombe cha chachu, yaani mchanganyiko mbichi uliobakizwa kutoka awamu iliyopita. Chombo kizuri ni cha plastiki ya chakula, kioo au chungu. Sufuria ya alumini inafaa kwa kupikia, lakini haifai kulazia, kwa kuwa asidi huila taratibu. Mfuniko huwekwa bila kukazwa, ili hewa inayozalishwa itoke na nzi wasiingie.

Chachu ndiyo kinga kubwa kuliko zote. Bila hiyo, zile saa za mwanzo ambapo kila bakteria anajipatia riziki huweza kuendelea siku nzima au zaidi. Ikiwepo, wa laktiki huingia wakiwa tayari jeshi, na mara nyingi kazi huisha ndani ya saa 12 hadi 24. Anayeanza mara ya kwanza bila chachu asipike awamu ile ya kwanza kwa haraka. Hutoa nusu kikombe, akachanganya na unga na maji mapya, akarudia hivyo mara mbili au tatu hadi harufu iwe safi na uchachu uje kwa wakati uleule kila mara. Mchanganyiko wa majaribio hayo humwagwa.

Hali ya hewa nayo ina sauti. Unga uliolowekwa Mombasa saa kumi na mbili jioni, usiku wa joto, unaweza kuwa tayari kabla ya chai ya asubuhi. Unga huohuo Eldoret, ambako usiku wa Julai huwa na baridi kali, asubuhi utakuta umelala tu, na unaweza kuhitaji hadi jioni au kesho yake. Kosa la watu wa baridi ni kukata tamaa na kuupika ukiwa nusunusu, au kuuweka juani mchana ukapata joto lililopita kiasi. Ndoo iliyofungwa blanketi karibu na jiko inatosha. Lakini mchanganyiko uliotiwa chachu na kukaa mahali pa joto, ukapita saa 48 bila uchachu wa wazi, hauna sababu ya kusubiriwa tena. Chachu imekufa au walioshinda ni wengine.

Kinachofuata ni jicho na pua, kabla ya ulimi. Maji kujitenga juu ni kawaida, viputo pia, na povu jepesi halimtishi aliyezoea. Harufu inayotakiwa ni ya mtindi au ya tunda chachu, pengine na mnuso mdogo wa pombe, kwa sababu hamira za porini hujiunga na shughuli hii. Harufu ya yai viza, ya matapishi au ya nyama iliyokaa ni habari mbaya. Mchanganyiko unaovutika kama ute wa bamia unapoinuliwa kwa kijiko nao ni wa kumwaga, hasa ikiwa awamu zilizopita hazikuwa hivyo. Utando mweupe, mwembamba, usio na manyoya, mara nyingi ni hamira inayopenda hewa, na hutokea hata kwenye kabichi au karoti zilizolazwa katika maji ya chumvi. Manyoya ya kijani, meusi au ya waridi ni ukungu, na kuukwangua juu hakusaidii chakula chenye majimaji kama uji, maana nyuzi zake na sumu yake hushuka chini mahali pasipoonekana. Mwenye karatasi za kupimia pH, zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya maabara, anaweza kuchovya moja: ikisoma 4 au chini, pamoja na harufu safi, uchachushaji umekwenda unavyotakiwa.

Upishi ni wa kawaida. Vikombe sita vya maji huchemshwa, mchanganyiko humiminwa huku ukikorogwa, na uji huachwa utokote kama dakika 15. Hatua hii hairukwi kwa uji wa mtoto, kwa sababu kuna aina chache za bakteria wa tumbo wanaovumilia asidi kwa muda. Na baada ya kupikwa, uji huu nao ni uji uliopikwa: unanyweka siku hiyo, au unahifadhiwa penye baridi.

Yote haya yanadai sharti moja, na hapo pua na ulimi hufika mwisho wa uwezo wao: unga uwe mzima tangu mwanzo. Sumukuvu, ile inayotolewa na ukungu wa mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, haiondolewi kwa uhakika na uchachu wala kwa moto wa jikoni. Mwaka 2004 mahindi ya aina hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 wengine walikufa Dodoma na Manyara.

Sumu ya pili haijulikani sana kwa wasomaji wa Kiswahili, na inastahili kujulikana. Januari 2015, katika mji wa Chitima mkoani Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji kwenye msiba. Mwanzoni kulisemwa kwamba imetiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulikuta asidi ya bongkreki, inayotolewa na bakteria aliyestawi katika unga wa mahindi ulioharibika. Oktoba 2020, katika jimbo la Heilongjiang kaskazini mashariki mwa China, watu tisa wa ukoo mmoja walikufa kwa sumu hiyohiyo, baada ya kula tambi chachu za mahindi zilizotengenezwa nyumbani na kukaa kwenye friza karibu mwaka mzima. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumshtua mlaji, na kuchemsha hakuiondoi. Bakteria wake huitengeneza vizuri zaidi pale asidi ikiwa kidogo na unyevu na joto vikiwa vingi, yaani katika unga uliolowa ukasahauliwa, au mahindi yaliyolowekwa siku nyingi bila chachu ya kuharakisha uchachu.

Kwa hiyo gunia lililolowa mvua likakauka tena halisagwi kwa uji wala kwa kimea. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu huchambuliwa kabla ya kwenda kinuni, kwa kuwa zikishasagwa hakuna macho yatakayoziona. Unga ulioshikamana mabonge au wenye harufu ya uvundo haupewi hata kuku, maana sumukuvu humfikia kuku na mayai yake. Na chachu yenyewe, kama haitumiki kwa siku kadhaa, huwekwa kwenye jokofu ndani ya chupa safi na kulishwa kijiko cha unga na maji kila wiki. Ikibadilika harufu, humwagwa pamoja na kilichomo, chupa ikachemshwa, na mpya ikaombwa kwa jirani ambaye uji wake unajulikana.