Kamba, Vigingi na Miraba: Kupima Uwanja Usio na Umbo

Viwanja vingi vya shule si mstatili. Upande mmoja una ukuta wa madarasa ulionyooka, upande wa pili mpaka ni korongo la maji ya mvua linalopinda kila msimu. Kanuni ya urefu mara upana haifiki hapo. Mwalimu mwenye vipindi viwili vya dakika 40, kamba mbili za katani, vigingi na karatasi ya miraba anaweza kulipata eneo hilo pamoja na wanafunzi wake, na pia kuwaonyesha jibu lao linaaminika kwa kiasi gani.

Kazi inaanzia kwenye kamba yenyewe. Wengi hupiga fundo kila baada ya mita moja, lakini kila fundo linameza kamba kidogo, na alama za mbele zinasogea. Ni afadhali kamba ivutwe sambamba na rula ya mita, kisha kila mita ifungwe utepe wa kitambaa au itiwe wino. Katani hurefuka ikivutwa kwa nguvu na hujikunja ikilowa umande, kwa hiyo wanaovuta wavute kwa nguvu ileile kila mara.

Tuchukue uwanja mmoja wa mfano. Wanafunzi wanalaza kamba ya mita 24 kando ya ukuta. Huo ndio mstari wa msingi. Kila baada ya mita 4 wanapigilia kigingi, na kutoka kila kigingi wanapima hadi ukingo wa korongo. Kipimo hicho lazima kisimame wima juu ya mstari wa msingi, kwa maana kikienda mshazari kinatoka kirefu kuliko inavyotakiwa. Pembe mraba inapatikana kwa kipande kingine cha kamba chenye mita 12, ncha zake zikiungwa na kuvutwa na watoto watatu kuwa pembetatu yenye pande za mita 3, 4 na 5. Upande wa 4 ukilala juu ya mstari wa msingi, upande wa 3 unaonyesha njia ya kufuata.

Tuseme vipimo vinatoka mita 6, 9, 11, 10, 12 na 8, na kwenye kigingi cha mwisho korongo linagusa mstari wenyewe, yaani 0. Wakirudi kivulini wanachora: sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 2 uwanjani. Nukta zinaungwa kwa rula. Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mtoto husema kila mraba wa sentimita 1 ni mita 2 za mraba. La, pande zote mbili za mraba ni mita 2, hivyo mraba mmoja ni mita 4 za mraba. Asiyeamini arudi nje, auchore mraba huo ardhini na kuugawa.

Sasa wanahesabu. Miraba iliyomo yote ndani ya mchoro ni 46, na iliyokatwa na ukingo ni 15. Eneo basi haliwezi kuwa chini ya 46 mara 4, yaani mita 184 za mraba, wala kuzidi 61 mara 4, yaani 244. Iliyokatwa ikihesabiwa kila mmoja kama nusu, tunapata miraba 53.5, sawa na mita 214 za mraba. Wakigawa kila mraba mara nne, mraba mdogo sasa ukiwa mita 1 ya mraba, mizima inakuwa 197 na iliyokatwa 30. Eneo limebanwa kati ya 197 na 227, na makadirio ni 212. Pengo la 60 limeshuka hadi 30. Kwangu mimi, kuliona pengo hilo likipungua ndicho kiini cha somo hili kuliko ile 212.

Miraba midogo, hata hivyo, haiwezi kuponya kamba mbovu. Ikiwa kila mita ya kamba imerefuka sentimita 3, wanafunzi watasoma namba ndogo kuliko ukweli, na kwa kuwa kosa linaingia kwenye urefu na upana pia, eneo la kweli linazidi jibu lao kwa karibu asilimia 6. Hiyo 212 ilipaswa kuwa kama 225. Hakuna hesabu ya miraba itakayolifichua kosa hilo; kinachofichua ni rula ya mita.

Kwa hiyo, mwalimu, pima kamba upya kwa rula kabla ya kipindi na baada yake, na umtake kila mwanafunzi aandike daftarini namba tatu: eneo dogo kabisa, kubwa kabisa, na makadirio yake.