Kupendekeza vyakula na vinywaji mezani

Kupendekeza mezani ni sehemu ya kazi ya mhudumu wa mgahawa au hoteli ambapo humtajia mgeni chakula au kinywaji cha kuongezea kwenye oda yake. Mhudumu asiyefundishwa huweza kukosea kwa njia mbili. Ama huuliza tu "Kitu kingine?", na mgeni hujibu "Hapana, asante", ama humsukuma mgeni mpaka akubali kwa kuona haya. Mafunzo humwonyesha namna ya kutaja kitu kinachofaa, kwa wakati wake, na kumwachia mgeni nafasi ya kukataa bila aibu.

## Kuijua menyu

Mafunzo huanzia jikoni. Mhudumu huonja kila chakula kilichomo kwenye menyu, hata kama ni kijiko kimoja tu, kisha hujifunza kujibu maswali manne: kina nini ndani, kina ladha gani, huliwa na nini, na ni bei gani. Swali la kwanza lina uzito wa pekee, kwa sababu mgeni mwenye mzio wa karanga au wa kamba anaweza kudhurika kwa pendekezo la kubahatisha. Mhudumu asiyejua jibu hufundishwa kusema "Ngoja nimuulize mpishi."

## Mfano

Tuseme wageni wawili katika mgahawa wa pwani wameagiza samaki wa kupaka, kila mmoja shilingi 15,000, pamoja na sahani mbili za wali. Mhudumu huitazama oda na kuona kwamba haina kinywaji. Husema: "Samaki huyu ana tui zito, na uchachu wa juisi ya ukwaju huendana nalo. Tunaitengeneza hapa hapa, glasi ni shilingi 4,000. Niwaletee, au maji yanatosha?"

Maneno hayo yametaja kitu kimoja mahususi, yametoa sababu inayotokana na chakula chenyewe, yamesema bei, na yameacha mlango wa kukataa. Mgeni mmoja akikubali na mwingine akitaka maji, mhudumu hujibu "Sawa" na kuandika. Harudii ombi, wala haonyeshi uso wa kuvunjika moyo. Ikiwa sahani moja ya wali huwatosha watu wawili, huwaambia pia, ingawa bili itapungua. Mgeni aliyeambiwa hivyo ana sababu ya kuamini pendekezo litakalofuata.

Nafasi nyingine huja baada ya sahani kuondolewa, ambapo kitindamlo au kahawa hutajwa mara moja tu. Katikati ya mlo mhudumu huuliza kama kila kitu kiko sawa, lakini hauzi.

## Mazoezi ya kuigiza

Wanafunzi huigiza wawili wawili. Anayeigiza mgeni hupewa karatasi ya siri yenye hali yake: ana shilingi 20,000 tu, ana haraka ya basi, hanywi pombe, au amekuja na wageni wa heshima na hapendi kutajiwa bei mbele yao. Anayeigiza mhudumu hutakiwa kuitambua hali hiyo kwa dalili. Mgeni anayetazama saa hutajiwa kinachoiva upesi. Anayepitisha kidole kwenye safu ya bei hatajiwi chakula ghali kuliko vyote. Asiyetaka bei isemwe kwa sauti hufunguliwa menyu na kuonyeshwa. Pombe haipendekezwi kwa mgeni ambaye hajaonyesha kuitaka, wala kwa aliyekwisha kulewa.

## Dalili za shinikizo

Maneno mengine hubana ingawa yana adabu. "Niwaletee chupa kubwa au ndogo?" humchukulia mgeni kuwa amekwisha kukubali kununua maji. Kuweka sambusa mezani bila kuagizwa, kisha kuziandika kwenye bili, hakuwezi kuitwa pendekezo hata kidogo.

Msimamizi hupima mafunzo kwa kugawa mauzo ya jioni kwa idadi ya wageni. Wageni 40 wakilipa jumla ya shilingi 800,000, wastani ni shilingi 20,000 kwa kila mmoja. Hata hivyo, wastani unaweza kupanda kwa sababu mbaya. Kwa hiyo msimamizi hutazama pia sahani zinazorudi jikoni zikiwa na chakula kingi, wageni wanaouliza "Hiki tuliagiza?" wakati wa kulipa, na wateja wa kawaida walioacha kuja.

Mara nyingi chanzo cha shinikizo ni amri ya msimamizi. Mhudumu anayelipwa zawadi kwa kila glasi ya divai ataitaja divai kila meza. Anayeamriwa kumaliza samaki wa jana atawasifia kuliko wa leo, na mgeni akigundua, hataamini tena neno lolote la mhudumu huyo. Mafunzo hayadumu ikiwa malipo na amri za kazini zinafundisha kinyume chake.