Je, Wajua? Kuruka 1.98 m hakutoshi

Heptathloni ni michezo saba kwa siku mbili. Siku ya kwanza ni viunzi mita 100, kuruka juu, tufe na mita 200. Ya pili ni kuruka umbali, mkuki na mita 800. Kila matokeo hugeuzwa kuwa pointi kwa jedwali maalumu, na jumla ndiyo huamua mshindi.

Katika Olimpiki ya Rio 2016, Nafissatou Thiam wa Ubelgiji na Katarina Johnson-Thompson wa Uingereza waliruka juu mita 1.98 kila mmoja na kupata pointi 1,211. Kimo hicho kilizidi mita 1.97 zilizompa Ruth Beitia dhahabu ya kuruka juu Rio hiyohiyo!

Lakini kwenye tufe, Thiam alifika mita 14.91 (pointi 855), mwenzake mita 11.68 (pointi 640). Mkuki ukamwongezea Thiam pengo la pointi 323.

Katika michezo mitano iliyobaki, Johnson-Thompson alimpita Thiam kwa jumla ya pointi 251, zisizotosha kufidia 538 alizopoteza kwa kurusha. Thiam alitwaa dhahabu kwa pointi 6,810. Johnson-Thompson akawa wa sita kwa 6,523.