Avoka wa shetani: swali moja lenye kupima kazi yako mbele ya juri

Wandugu, siku hizi za kutetea kazi za mwisho, wengi wananiandikia kuniuliza maswali gani juri itauliza. Mimi najibu: lile la kufunga vifungo vya koti si swali. Swali la kuogopa ni moja tu, ni lile la avoka wa shetani. Hapa nitaeleza linatengenezwa namna gani, na jibu lake linapimwa namna gani, juu mimi mwenyewe njo napewa hiyo kazi kila mara tukifanya mazoezi kati yetu.

Jina lenyewe ni la zamani. Mwaka 1587, Papa Sixtus wa Tano aliweka Roma mtu mwenye kazi ya kupinga: kama watu wanataka fulani atangazwe mtakatifu, yeye anatafuta kila sababu ya kukataa. Hakuwa adui wa marehemu. Kazi yake ilikuwa kuona kama ushahidi unasimama hata ukisukumwa. Mwaka 1983 Yohane Paulo wa Pili alipunguza sana ile kazi, lakini jina lilibaki, na sisi tunalitumia kwa yule mwenye kupinga ili kupima, hata kama ndani ya moyo anakubali.

Nichukue mfano mmoja mpaka mwisho. Kwenye mazoezi yetu hapa Lubumbashi, ndugu mmoja wa uchumi alikuwa anatetea hivi: Kongo ilifanya vizuri kufunga na kupima kobalti inayotoka. Mnakumbuka mambo yenyewe. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje kwa miezi 4, kisha ikaongeza 3. Tangu 16 Oktoba, kila kampuni inapewa kiwango chake, na jumla ya mwaka 2026 ni tani 96.600. Mwaka 2024 nchi ilitoa karibu tani 220.000. Kabla mwaka 2025 kwisha, bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili. Ndugu yetu akamaliza kwa furaha: "Bei imepanda mara mbili, kwa hiyo tumeshinda."

Kitu cha kwanza avoka anafanya, anaandika msimamo wa mwenzake katika sentensi moja, na anamuuliza: ni hii? Kama mwenyewe anasema hapana, hakuna swali bado. Kisha anatafuta nguzo, ni kusema ile sababu yenye ikianguka, nyumba yote inaanguka. Hapa nguzo ilikuwa hii: bei ikipanda, Kongo inapata zaidi.

Kuna pingamizi mbili za kupiga ile nguzo. Ya kwanza ni ya hesabu. Kama ulikuwa unauza mifuko 100, na sasa unaruhusiwa 44 tu, bei ikizidi mara mbili kamili unapata sawa na mifuko 88. Umepoteza. Ili urudi pale ulikuwa, bei inapaswa kufika karibu mara 2,3. Ni swali zuri, na ndugu yetu lilimshtua. Lakini si lenye nguvu kupita yote, juu namba moja inalijibu: bei ikipita 2,3 pingamizi inakufa. Tena, kobalti isiyouzwa haikupotea, iko kwenye stoku.

Pingamizi yenye nguvu ni ile yenye inabaki hata kama namba zake zote ni nzuri. Ninayo njia ya kuitambua: mpe mwenzako yote anayodai, kisha angalia kama bado unaweza kumuangusha. Basi nikamwambia hivi: "Mukubwa, tukubali bei imepanda hata mara 3. Mwenye kutengeneza gari la umeme hafungwi na kobalti yetu. Kuna betri ya chuma na fosfati yenye haina kobalti hata kidogo, na kule China zaidi ya nusu ya magari ya umeme inatumia ile. Mwenye anataka kobalti tu, Indonesia inamutolea pamoja na nikeli yake. Bei yako ya juu njo inamufundisha kuondoka. Siku utafungua mulango, atakuwa alishaenda. Utamuita na nini?"

Angalieni lilivyojengwa. Halimtukani, halimuulizi kurasa za kazi yake, na linasema pingamizi kama vile mtu mwenye kuiamini angeisema. Tena linaisha na ulizo moja tu. Ukirundika maulizo matatu, mwenye kujibu atachagua lile jepesi na wewe utakuwa umemuokoa.

Sasa jibu. Ndugu yetu alianza kwa kukimbia: "Lakini Kongo inatoa kobalti kupita nchi zote za dunia." Ni kweli, lakini hakuulizwa hivyo. Watu wanakimbia hasa kwa njia tatu: kurudilia sentensi yao kwa sauti kubwa, kujibu pingamizi ndogo yenye hakuna mtu aliuliza, ao kukubali yote haraka ili waikae. Huyu wa mwisho anaonekana munyenyekevu, lakini kama unaacha msimamo wako ndani ya dakika moja, juri inaona haukuwa nao.

Tulimpa dakika tano, akarudia. Hii mara alisema hivi kwa kifupi. Kwanza alirudilia pingamizi vizuri, nami nikakubali kwamba ni yenyewe. Pili alitoa kilicho kweli: sehemu ya wanunuzi wa magari itaondoka, na kiwango kikikaa miaka mingi, itaondoka yote. Tatu alionyesha kinachobaki: simu nyingi zinatumia betri ya kobalti, na injini za ndege zinahitaji chuma cha kobalti chenye kuvumilia moto, wale hawaondoki kesho. Tena, kwetu kobalti inatoka pamoja na shaba, kwa hiyo bila kiwango inaendelea kujaa sokoni hata bei ikianguka, juu kampuni inachimba kwa ajili ya shaba. Ndipo akapunguza msimamo: "Kiwango ni kizuri kwa muda, mpaka stoku ipungue, si kwa kudumu." Mwishowe nikamuuliza kitu gani kingemfanya abadili mawazo. Akajibu: kama baada ya miaka miwili stoku imeisha, bei bado iko juu, na wanunuzi wanaendelea kupungua, basi kiwango kimekosea.

Ule msimamo wa pili ni mdogo kuliko wa kwanza, lakini unasimama. Njo alama ya kuangalia: msimamo uliopimwa vizuri unatoka ukiwa umepungua upana na umeongezeka nguvu. Ukitoka vilevile neno kwa neno, ama swali lilikuwa laini, ama mtu hakulisikia.

Kuna mpaka mmoja. Mwanasaikolojia Charlan Nemeth alionyesha kwamba mtu mwenye kuigiza tu kupinga hasaidii kundi kufikiri sana kama mwenye anapinga kweli. Niliona hivyo pia kwetu: wakati wenzangu wanajua naigiza, wananijibu kwa kucheka. Kwa hiyo kabla ya kwenda mbele ya juri, usinitafute mimi wa kwanza. Tafuta mwenzako mwenye anakataa kweli kazi yako, mupe kiti, muache aseme mpaka amalize. Mimi nitakuja nyuma yake, kwa yale aliyosahau.