Kabla Hujaingiza Namba ya Siri, Uliza

Julai 2024, kigogo mmoja wa kampuni ya magari ya Ferrari nchini Italia alianza kupokea ujumbe wa WhatsApp kutoka namba asiyoifahamu. Picha iliyokuwapo ilikuwa ya Benedetto Vigna, bosi wake mkuu. Kisha simu ikaita, na sauti ikawa ya Vigna, hadi ile lafudhi yake ya kusini mwa Italia. Bosi huyo alisema kuna biashara ya siri inayohitaji kushughulikiwa haraka, tena bila mtu mwingine kujua. Msikilizaji alihisi sauti ina mkwaruzo fulani kama wa mashine. Hakubishana wala hakutoa shutuma. Aliomba radhi, akasema inabidi ahakikishe anazungumza na nani, kisha akauliza: kile kitabu ulichonipendekezea siku chache zilizopita kinaitwaje? Simu ikakatwa.

Lile lilikuwa swali zuri sana. Jibu lake lilikuwa la juzijuzi, lilijulikana na watu wawili, na halikuwa mahali ambapo mtu wa nje angeweza kulisoma. Maswali ya aina hiyo sasa yanahitajika majumbani, kwa sababu ujanja uleule unatumiwa kwa wazazi, babu na bibi.

Kuiga sauti ya mtu hakuhitaji tena studio. Januari 2023 kampuni ya Microsoft ilieleza mfumo wa akili mnemba uitwao VALL-E, unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sampuli ya sekunde tatu. Sekunde tatu ni salamu ya Idi aliyoirekodi kwenye kundi la familia, au kipande cha TikTok. Tapeli akishaipata, ana njia mbili. Anaweza kuandika maneno na programu ikayasema kwa sauti ya ndugu yako. Hapo utasikia kimya kidogo kila unapouliza jambo asilolitarajia. Au anaongea mwenyewe na programu inaibadili sauti papo hapo. Hapo sauti ni ya mwanao, lakini mwendo wa usemi unaweza kubaki wa tapeli. Dalili hizo zinasaidia, ila usizitegemee. Simu ya kawaida hukata sehemu kubwa ya sauti, na mawasiliano mabovu humpa tapeli kisingizio cha kila kasoro.

Ndiyo maana kilio ni kifupi. Mwaka 2023, mama mmoja wa Arizona, Marekani, alimsikia binti yake wa miaka 15 akilia kwenye simu, kisha mwanaume akaichukua simu na kudai fidia ya dola milioni moja, baadaye akashuka hadi 50,000. Mama huyo aliieleza Seneti ya Marekani kwamba hakuwa na shaka hata chembe kuwa ile ni sauti ya mwanawe. Kilichomwokoa ni watu waliokuwa karibu naye: wakati yeye bado yuko na yule mwanaume, wao walitumia simu nyingine kumtafuta binti, akapatikana salama alikokuwa.

Video nayo si uthibitisho. Mapema 2024 iliripotiwa kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 25. Awali ujumbe alioupokea ulimtia shaka, lakini alipoingia kwenye kikao cha video na kuwaona wakubwa na wenzake, shaka ikamtoka. Sura zile zote zilikuwa za kutengenezwa.

Sasa tuilete nyumbani. Tuseme mama yuko Tanga, binti yake anafanya kazi za ndani Maskati. Saa nne usiku simu inaita. "Shikamoo mama. Mama, nimepata matatizo, nimeshikwa na polisi, nisaidie." Analia. Mara anaingia mwanaume anayejitambulisha kuwa mtu wa ubalozi: zinatakiwa shilingi 1,500,000 sasa hivi, usimwambie mtu, usikate simu. Anataja namba ya kutuma.

Hapo mama ana vitu viwili vya kutazama kabla ya sauti. Cha kwanza ni njia ya pesa. Iweje mambo ya polisi wa Maskati yalipiwe kwa laini ya Tanzania? Akianza muamala, jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini kabla ya kuweka namba ya siri, na hilo ni jina la mtu asiyemjua. Cha pili ni lile agizo la kutokata simu. Tapeli analitoa kwa sababu anajua mama akikata atampigia binti yake mwenyewe, na mchezo utaishia hapo.

Kama hawezi kukata, aulize. Asiulize jina la baba, ukoo, shule wala tarehe ya kuzaliwa. Hayo yamejaa kwenye Facebook, au jirani anayajua. Asiulize swali la ndiyo au hapana, wala asitie jibu ndani ya swali kwa kusema "Ni wewe, Mwana wangu?" maana hapo ameshatoa jina. Aulize: "Mwanangu, mara ya mwisho tulipoongea ulinilalamikia nini?" Au: "Zile pesa ulizotuma, uliniambia ninunue nini?" Njia nyingine, naipenda zaidi, ni kuuliza habari ya mtu asiyekuwapo: "Shangazi yako wa Handeni ameshatoka hospitali?" Binti wa kweli atashangaa, shangazi gani huyo? Tapeli ataitikia, au ataanza kulia upya ili kulikwepa swali. Na kama nyumbani mnazungumza Kibondei au Kizigua, mama ahamie huko.

Desemba 2024 FBI iliwashauri watu wawe na neno la siri la familia. Ni ushauri mzuri, mradi neno hilo lipangwe ana kwa ana. Likiandikwa kwenye kundi la WhatsApp, atakayeiteka akaunti ya ndugu mmoja atalikuta humo, pamoja na ujumbe wa sauti wa miaka kadhaa wa kuigia. Pia mtu aliye kwenye dhiki ya kweli anaweza kulisahau. Kwa hiyo akishindwa kulitaja, usimtukane, mwambie utampigia.

Kupiga mwenyewe ndiko kunakomaliza ubishi, lakini kuna utaratibu wake. Usibonyeze namba iliyokupigia. Tafuta namba uliyoihifadhi zamani na upige kwa laini ya kawaida, kwa sababu akaunti ya WhatsApp ya ndugu yako inaweza kuwa mikononi mwa tapeli aliyemlaghai akampa ile namba ya tarakimu sita. Isipopokelewa, tafuta mtu wa pili: anayeishi naye, mwajiri, dada yake. Wakati mwingine hata laini yenyewe huwa imeibwa, na hapo mtu wa pili ndiye pekee wa kutegemewa.

Pesa ikiwa imeshatoka, pigia mtandao wako wa simu dakika hiyohiyo uombe muamala uzuiwe. Tapeli hukimbilia kwa wakala kuitoa, na ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Usifute chochote. Ujumbe wa tapeli upeleke 15040 kwa Tanzania, au 333 kwa wateja wa Safaricom Kenya, kisha nenda polisi na kumbukumbu za muamala. Na waambie ndugu wengine usiku huohuo, kwa kuwa tapeli mwenye sauti ya binti yako ataipigia pia simu ya mjomba wake.