Maziwa, mbolea na daftari: kumshukuru jirani aliyekulindia mji

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ng'ombe wa maziwa haendi malishoni. Anakaa bandani mwaka mzima, na kila kinachoingia tumboni mwake kimebebwa na mtu: matete yaliyokatwa kandokando ya mfereji, mabua yaliyopandishwa kutoka tambarare, shina la mgomba lililokatwakatwa kwa panga, ndoo za maji. Ng'ombe wa kisasa mwenye mwili wa kawaida humaliza majani mabichi ya kilo 50 na zaidi kwa siku, na akiwa anakamuliwa hunywa maji mengi kuliko familia nzima inavyotumia kupikia. Kwa hiyo mtu wa Marangu akimwambia jirani, "Niangalizie mji, nasafiri kidogo," anaomba jambo zito kuliko maneno yenyewe yanavyosikika.

Tuchukue mfano wa mama mjane ambaye binti yake amejifungua Dar es Salaam. Bibi hana budi kwenda kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto. Anaondoka kwa wiki tatu na kumwachia jirani ng'ombe mmoja anayekamuliwa, kuku kumi na wawili, mbwa, na ufunguo wa nyumba. Mapatano ni ya kawaida ya mtaa: maziwa ya asubuhi, kama lita tano, yapelekwe kwa wanaokusanya maziwa na fedha itunzwe. Ya jioni, kama lita tatu, ni ya jirani na watoto wake.

Mapatano hayo yana mizizi mirefu. Tangu zamani Wachaga waliwekeshana ng'ombe. Mwenye mifugo mingi alimpa mwenzake mmoja amtunzie. Mtunzaji akapata maziwa na mbolea, ndama wakabaki kuwa wa mwenye mali, na ng'ombe akichinjwa mtunzaji alikuwa na fungu lake la nyama. Mbolea haikuwa jambo dogo, maana kihamba chenye migomba na kahawa hakizai bila samadi. Mpaka leo, ukitaka jirani wa huko akukumbuke vizuri, mruhusu apeleke kwenye migomba yake matoroli machache ya samadi iliyolundikana wakati haupo. Ni yeye aliyeizoa.

Sasa bibi amerudi. Lipo kosa ambalo watu wengi wenye nia njema hulifanya hapa: kufika na mfuko wa zawadi, kuukabidhi getini, kusema asante sana na kuingia ndani kulala. Jirani anabaki na maneno kifuani. Kwa wiki tatu amebeba habari ambazo si zake, na anataka kuzitua. Shukrani inaanza kwa kumpa nafasi ya kutoa taarifa, na mahali pa kuitolea ni bandani, mkiwa mmesimama mbele ya ng'ombe.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba mwanangu. Poleni ninyi na kazi. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mjukuu je?"

Baada ya hapo unanyamaza na kusikiliza. Usianze kuhesabu kuku kwa macho huku yeye anaongea. Ataliona.

Katika mfano wetu jirani anasimulia mambo matatu. La kwanza, katika wiki ya pili aliona maziwa ya chuchu moja yana mabonge na kiwele kimevimba upande. Alimwita bwana mifugo, ikapigwa dawa ndani ya chuchu. Kwa siku nne maziwa hayakuuzwa wala kunywewa, kwa sababu dawa ya aina hiyo hubaki ndani ya maziwa, na kwenye kibandiko huandikwa siku za kusubiri. La pili, asubuhi moja ng'ombe alikuwa analia, hatulii, hali, na ute mwangavu unaning'inia nyuma. Alikuwa kwenye joto. La tatu, kuku wawili wamekufa.

Hilo la joto nataka nilitilie mkazo, maana ndilo linalopita bila kushukuriwa. Ng'ombe huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na muda wa kupandishwa ni mfupi: akionekana asubuhi, apandishwe jioni ya siku hiyo. Ng'ombe aliye peke yake bandani hana wenzake wa kuwapanda, hivyo dalili zake ni za kujificha. Mtu anayetupa majani na kuondoka haoni kitu. Likipita, mwenye ng'ombe anasubiri tena wiki tatu, na ndama anachelewa kwa kiasi hichohicho. Jirani huyu aliona, akampigia simu mhimilishaji, akakaa kumsubiri mpaka jioni, akaandika tarehe. Bibi akimwambia, "Hata mimi ningekuwepo nisingefanya zaidi ya hapo," amemlipa kitu ambacho kilo za sukari hazilipi. Ukitaka mtu ajue kwamba umeiona kazi yake, itaje kazi hiyo kwa jina.

Kisha linakuja daftari. Jirani ameuza maziwa siku 17 badala ya 21, lita tano kila siku, jumla lita 85. Tuseme lita moja ni shilingi 1,000, basi mkononi alipata 85,000. Kutoka humo alilipa dawa ya kiwele 12,000, pumba 18,000 na kupandisha 25,000, jumla 55,000. Zimebaki 30,000, na anamkabidhi mwenye mali.

Bibi kichwani alikuwa na hesabu nyingine. Lita tano kwa siku 21 ni lita 105, ziko wapi ishirini? Hapa ndipo urafiki wa miaka mingi huvunjika bila hata sauti kupandishwa. Swali likitoka kabla ya daftari kusomwa, jirani anasikia ameitwa mwizi. Daftari likisomwa kwanza, jibu limeandikwa: siku nne za dawa, lita tano kila siku, ndizo hizo lita ishirini. Na kama kuna shaka inayobaki, kibandiko cha dawa kipo, na bwana mifugo yupo kijijini. Aliyemtunzia mwenzake vizuri kwa kawaida hutunza vitu hivi bila kuombwa.

Kuku waliokufa ni mtihani mwingine. Mnyama mkubwa akifa, desturi ni kuita mashahidi, aghalabu balozi wa nyumba kumi au majirani wawili, na ngozi hutunzwa mpaka mwenyewe arudi. Kuku aliyekufa kwa kideri hana cha kutunzwa. Anatakiwa kuzikwa au kuchomwa upesi ili asiwaambukize wengine, na jirani aliyefanya hivyo amefuta ushahidi wake mwenyewe kwa faida yako. Siku hizi wengi hupiga picha kwa simu kwanza. Ukiambiwa kuku alikuwa anaharisha kijani, anahema kwa shida, shingo imepinda, hizo ni dalili za kideri, na swali ni la kujiuliza wewe: niliwachanja lini mara ya mwisho? Chanjo ya tone la jicho hurudiwa kila miezi mitatu. Kama uliondoka bila kuchanja, hasara ni yako, na neno linalomstahili jirani ni pole, maana na yeye alihangaika.

Turudi kwenye fedha. Watu wengi, wakiona zimebaki 30,000, husema haraka, "Aa, baki nazo tu." Nia ni nzuri lakini mpangilio umeharibika. Jirani hajapata nafasi ya kukabidhi, na zawadi imechanganyika na hesabu. Afadhali bibi azipokee kwa mikono miwili, azihesabu mbele yake, aseme zimetimia. Hesabu imefungwa. Kama jirani alikuwa ametoa chochote mfukoni mwake, nauli ya kwenda kununua dawa au vocha ya kumpigia bwana mifugo, kirudishwe papo hapo, kabla ya zawadi kutajwa. Ukimpa mtu kitenge cha 15,000 huku anakudai 10,000 ya nauli, hujampa kitenge; umemuuzia kwa bei ndogo. Baada ya hapo ndipo unatoa noti kutoka kwenye pochi yako na kusema, "Hii ya sabuni, mwanangu." Neno sabuni linamwokoa asijione kibarua. Akikataa, usishindane naye. Wape watoto wake.

Na watoto hao wasisahauliwe kwa sababu nyingine. Aliyeombwa ni baba wa nyumba ya jirani, lakini nani alikamua? Kwa nyumba nyingi ni mkewe, saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukamua wake. Nani alikata majani? Kijana, akitoka shule. Nani alilala kwenye nyumba ya bibi ili taa ionekane inawaka usiku? Kijana huyohuyo. Na yupo binti aliyefagia uwanja kila asubuhi, kazi inayoonekana ndogo, kumbe uwanja uliojaa majani makavu ndio unaomwambia mwizi kwamba wenyewe hawapo. Asante inayomfikia baba peke yake imewaruka waliofanya kazi. Doti ya kanga iwe ya mama, na apewe mwenyewe mkononi, si kupitia kwa mumewe. Kijana apate daftari na kalamu, au viatu kama uwezo upo. Mchele na sukari ni vya nyumba nzima.

Ukubwa wa zawadi nao una mpaka wake. Kwa wiki tatu, kanga, sukari na pengine tembe mmoja anayekaribia kutaga vinatosha. Ukitoa mbuzi jike, umemtwisha mwenzako deni. Safari yake ikifika ataogopa kukuomba, au atajiona lazima akurudishie mbuzi. Mbuzi ni wa aliyekutunzia msimu mzima, au aliyeokoa ng'ombe wakati anakufa.

Shukrani ya namna hii haiishi siku ya kurudi. Siku ya 21 tangu kupandishwa, bibi amwite jirani waje wamtazame ng'ombe pamoja. Asiporudi kwenye joto, kuna matumaini ameshika mimba, na jirani ana haki ya kulijua hilo kabla ya mtaa. Miezi tisa na siku chache baadaye, ndama akishazaliwa na kushiba dang'a yake ya kwanza, inayobaki ikichemshwa, bakuli la kwanza kutoka nje ya nyumba huenda kwa jirani aliyeona ute ule asubuhi ile. Na kabla hata ya siku hiyo, bibi amwendee mke wa jirani amuulize ng'ombe wake anakamuliwa akianza na chuchu ipi, anakula pumba kiasi gani, na kama anapiga teke. Sikukuu zikikaribia nao watataka kwenda kwao.