Mlinganyo tofautishi: soma sura kabla ya kukokotoa

Mlinganyo tofautishi huunganisha kitu, y, na kasi ya kubadilika kwake, y′. Sura yake ndiyo huonyesha njia.

| Aina | Dalili | Njia |
|---|---|---|
| Wa kutenganisha | y′ = f(x)g(y) | y upande mmoja, x mwingine, kisha integreti |
| Wa mstari | y′ + P(x)y = Q(x) | Zidisha kwa e^(∫P dx) |
| Wa Bernoulli | Kama wa mstari, ila kulia ni Q(x)yⁿ | Weka v = y^(1−n) |

Safu ya tatu ilimshughulisha Jacob Bernoulli mwaka 1695. Mwaka uliofuata Leibniz akaonyesha kwamba hurudi kuwa wa mstari.

Chukua y′ + y/x = 3x, x ikiwa zaidi ya 0. Hautenganishiki, lakini y haina kipeo, kwa hiyo ni wa mstari. P ni 1/x, na kizidishi kinakuwa x. Ukizidisha kote unapata xy′ + y = 3x², na upande wa kushoto ni kinyambuo cha xy. Integreti: xy = x³ + C. Gawanya kwa x: y = x² + C/x.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza: huongeza C baada ya kugawanya, wakaandika y = x² + C. Kuirudisha kwenye mlinganyo hufichua kosa, kwani upande wa kushoto unakuwa 3x + C/x.